Siku 30 baada ya mwisho wa mwezi na punguzo la kulipa mapema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ankara za nje

Maswali haya yanatoka kwa watunza vitabu wa maduka, mahoteli na karakana za Unguja na Pemba wanaoagiza bidhaa nje. Karibu majibu yote yanatumia mfano mmoja, ili usibadilishiwe tarakimu kila unapoteremka chini.

Duka la vifaa vya kuzamia la Nungwi limenunua maski, mapezi na vipuri vya mitungi ya hewa kwa muuzaji wa Uingereza. Ankara ina tarehe 12 Machi 2026, jumla yake dola 6,400: bidhaa dola 6,000 na usafiri dola 400. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa `2/10 EOM, net 30 EOM`. Viwango vya kubadilishia dola vilivyotumika ni vya mfano tu. Wewe tumia cha benki yako cha siku husika.

## Kuisoma ankara

1. Hayo maandishi ya chini yanasema nini hasa?

Yanasema mambo mawili, na yote mawili yanahesabiwa kuanzia mwisho wa mwezi wa ankara. `EOM` ni mwisho wa mwezi. `2/10 EOM` maana yake ukilipa ndani ya siku 10 baada ya mwezi wa ankara kwisha, unakata asilimia 2. `net 30 EOM` maana yake usipolichukua punguzo hilo, unadaiwa pesa zote bila kukata kitu, na siku yako ya mwisho ni siku 30 baada ya mwezi wa ankara kwisha.

Kwa ankara yetu ya tarehe 12 Machi, mwezi unakwisha tarehe 31 Machi. Siku ya mwisho ya punguzo ni tarehe 10 Aprili, na siku ya mwisho ya kulipa dola 6,400 kamili ni tarehe 30 Aprili. Anayehesabu siku 30 moja kwa moja kutoka tarehe ya ankara atapata tarehe 11 Aprili. Huyo atatoa fedha siku 19 kabla ya kudaiwa, na kwa kuwa tarehe 11 imeshapita ile ya 10, punguzo nalo atalikosa. Hasara hii haionekani popote vitabuni, kwa hiyo inaweza kurudiwa miaka bila mtu kuuliza.

2. Ankara ilinifikia kwa barua pepe tarehe 25 Machi. Siku zangu zinaanza lini?

Zinafuata tarehe iliyoandikwa juu ya ankara. Siku uliyoifungua barua pepe haihesabiwi, wala siku mzigo ulipofika bandarini Malindi au Mkoani, isipokuwa ankara yenyewe iseme hivyo (tazama swali la 17). Uzuri wa masharti ya mwisho wa mwezi ni kwamba kuchelewa kwa barua pepe ndani ya mwezi huohuo hakukupunguzii kitu: ankara ya tarehe 3 Machi na ya tarehe 28 Machi zote zinalipwa siku moja.

Proforma haianzishi saa yoyote. Ni makadirio ya bei, na hata ikiwa na masharti yaleyale chini yake, subiri ankara halisi yenye namba yake.

3. Kwa nini wasiseme tu "siku 30" tukamaliza?

Kwa sababu muuzaji anayemtumia mteja mmoja ankara sita kwa mwezi hataki kufuatilia tarehe sita. Anafunga mwezi, anatuma stetimenti moja, na anatarajia malipo ya pamoja. Kwako pia ni nafuu: uhamisho mmoja wa benki badala ya sita, na gharama za benki mara moja.

## Kuhesabu tarehe

4. Nina ankara nyingi. Nizihesabu vipi bila kukosea?

Ziweke kwenye jedwali la kompyuta, tarehe ya ankara ikiwa safu ya A, kisha andika fomula hizi mbili. Ya kwanza inatoa siku ya mwisho ya punguzo, ya pili siku ya mwisho ya deni:

```
=EOMONTH(A2,0)+10
=EOMONTH(A2,0)+30
```

Ukiona jibu limetoka kama tarakimu ndefu isiyoeleweka, kisanduku hakijapangwa kuwa tarehe. Kosa baya zaidi ni la mpangilio wa tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani itaisoma `12/03/2026` kuwa tarehe 3 Disemba, na fomula itakupa tarehe za Januari bila kulalamika. Andika `12-Mar-2026` na utakuwa salama.

5. Ankara ya Januari imenipa tarehe 2 Machi. Ni sawa?

Kwa hesabu ni sawa. Januari inakwisha tarehe 31, na siku 30 baada yake Februari yenye siku 28 imeshapita, unajikuta tarehe 2 Machi. Lakini wauzaji wengi wakiandika `net 30 EOM` kichwani mwao wanamaanisha "mwisho wa mwezi unaofuata", yaani tarehe 28 Februari. Kwa ankara za Machi tafsiri hizi mbili zinaangukia palepale, tarehe 30 Aprili, na ndiyo maana tofauti haijulikani mpaka Januari ifike. Mwandikie muuzaji mstari mmoja tu: "Ankara yenu namba fulani tunaihesabu kulipwa tarehe fulani, tafadhali thibitisheni." Jibu lake liweke kwenye faili la ankara.

6. Muuzaji wa Italia amenipa tarehe tofauti na niliyohesabu, na masharti yanafanana. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Kuna njia mbili za kupanga hesabu. Ya kwanza, tuliyoitumia hapa, unakwenda mwisho wa mwezi kwanza halafu unaongeza siku. Ya pili unaongeza siku kwanza kutoka tarehe ya ankara, halafu unakwenda mwisho wa mwezi unaoangukia. Waitalia wamezoea hiyo ya pili. Ufaransa zote mbili zinatumika.

Kwa siku 30 tofauti huwa ndogo, mara nyingi siku moja au hakuna. Kwa siku 45 mambo yanageuka. Chukua ankara ya tarehe 12 Machi: kwa njia ya kwanza, tarehe 31 Machi ukiongeza siku 45 ni tarehe 15 Mei. Kwa njia ya pili, tarehe 12 Machi ukiongeza siku 45 ni tarehe 26 Aprili, na mwisho wa mwezi huo ni tarehe 30 Aprili. Nusu mwezi imetoweka, na muuzaji atakuita mchelewaji huku wewe unaona bado una nafasi. Kwa muuzaji yeyote wa Ulaya bara, uliza njia yake kabla ya ankara ya kwanza kuiva.

7. Nimeambiwa ankara ya baada ya tarehe 25 inahesabiwa mwezi unaofuata. Kweli?

Ni desturi ya kibiashara ya Marekani: ankara ya kuanzia tarehe 26 inachukuliwa kana kwamba ni ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mnunuzi anapata mwezi mzima zaidi. Si sheria ya dunia. Itumie tu kama muuzaji ameiandika au ameithibitisha. Muuzaji wa Uingereza au wa Dubai hatakuelewa ukimletea.

8. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili?

Kama ankara haisemi kitu, hesabu siku ya kazi iliyotangulia. Usijipe Jumatatu kwa kudhani.

## Punguzo lenyewe

9. Asilimia 2 ya nini? Ya jumla yote?

Kwa kawaida ni ya bidhaa peke yake. Usafiri, bima na kodi zilizoorodheshwa kwenye ankara hazikatwi, kwa sababu hizo muuzaji amezilipa kwa mtu mwingine na yeye hana faida humo. Kwa ankara yetu, asilimia 2 ya dola 6,000 ni dola 120. Unatuma dola 6,280.

Aliyekata asilimia 2 ya dola 6,400 atakata dola 128 na kutuma 6,272. Dola nane hizo zitakaa kwenye stetimenti ya muuzaji mwezi baada ya mwezi, na siku moja ofisi yake itazuia oda mpya kwa sababu "kuna deni la zamani". Ukiona kidogo cha ajabu kama hicho kwenye stetimenti, kigawe kwa 0.02. Hapa 8 gawanya kwa 0.02 ni 400, gharama ya usafiri kamili, na umeshajua kosa liko wapi.

10. Tajiri anasema dola 120 si kitu, bora fedha zikae. Nimjibu nini?

Mjibu kwa hesabu. Ukilikosa punguzo, unalipa dola 120 zaidi ili ukae na dola 5,880 za bidhaa kwa siku zilizobaki. Hiyo ni asilimia 2.04 ya fedha hizo. Vitabu vya uhasibu huhesabu siku 20, kutoka tarehe 10 hadi tarehe 30, na kupata takriban asilimia 37 kwa mwaka.

Mimi nisingempelekea tajiri tarakimu hiyo, kwa sababu visiwani kwetu fedha haziondoki siku ileile ya mwisho. Kwa sababu zilizoelezwa kwenye swali la 12, ili upate punguzo unatuma tarehe 1 Aprili, na usipolitaka unatuma kama tarehe 28 Aprili. Hizo ni siku 27, na hesabu ya kweli inashuka kwenye asilimia 28 hivi. Bado ni nyingi. Hata kama duka litakopa dola 6,280 kwa siku 27 kwa gharama ya asilimia 18 kwa mwaka, litalipa kama dola 84 kuokoa dola 120.

Pale ambapo tajiri ana haki ni pale fedha hizo zingezuia jambo jingine: mishahara, au mzigo wa msimu wa watalii ambao ukichelewa hautauzika. Hapo uamuzi ni wake. Kazi yako ni kumwekea mezani dola 120 na siku 27.

11. Tukichelewa siku tano tukakata punguzo hivyohivyo, watafanya nini?

Wengine watanyamaza, hasa mteja akiwa mkubwa. Wengi watakurudishia dola 120 kwenye stetimenti kama deni. Kama unajua utachelewa, omba kabla ya tarehe 10. Muuzaji anayependa fedha zake zije mapema mara nyingi hukubali siku chache, ila akubali kwa maandishi. Kukata kwanza na kuomba baadaye kunakuharibia masharti ya mwaka unaofuata.

## Kutuma fedha

12. Punguzo linahesabiwa siku niliyotuma au siku fedha zilipofika?

Isipoandikwa vinginevyo, chukulia ni siku fedha zilipoingia kwenye akaunti ya muuzaji. Hapa ndipo watu wa Unguja na Pemba wanapopoteza punguzo wakiwa na uhakika wamewahi.

Tazama kalenda ya mfano wetu. Siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 10 Aprili 2026. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, kisha Jumamosi na Jumapili ya Pasaka, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Siku tano mfululizo bila uhamisho wa kawaida. Benki zinarudi Jumatano tarehe 8, foleni ni ndefu, na dola zinazokwenda Uingereza kwa kawaida hupitia benki ya kati Marekani kabla ya kufika. Ukituma Jumatano, siku mbili za kazi zinakupeleka Ijumaa tarehe 10 yenyewe. Benki ikiuliza swali moja tu kuhusu nyaraka, umelikosa.

Kwa hiyo tuma Jumatano tarehe 1 Aprili, asubuhi. Alhamisi tarehe 2 ni ya akiba. Uliza benki yako mwisho wa kupokea maombi ya nje ni saa ngapi. Fomu iliyofika baada ya saa hiyo huhesabiwa ya siku inayofuata ya kazi, na hapa siku inayofuata ya kazi baada ya Alhamisi ni Jumatano ya wiki ya pili. Kwa aliye Wete au Chake Chake, ambaye saini ya pili iko Unguja, safari ya karatasi nayo ihesabiwe.

Ukishatuma, chukua uthibitisho wa SWIFT na umtumie muuzaji siku hiyohiyo, pamoja na namba ya ankara na maelezo kwamba dola 120 ni punguzo. Fedha zikichelewa njiani, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

13. Nimetuma dola 6,280, muuzaji anasema amepokea 6,255 na ananidai 145. Imekuwaje?

Dola 25 zimekatwa na benki ya kati. Kwenye fomu ya uhamisho kuna sehemu ya gharama yenye chaguo tatu: `OUR`, gharama zote kwako, `SHA`, kila mmoja anabeba za upande wake, na `BEN`, zote kwa mpokeaji. Ukiiacha wazi, benki nyingi huweka `SHA`, na njiani kiasi kinapungua.

Angalia deni lenyewe: 145 ni 25 za benki kuongeza 120 za punguzo. Muuzaji anasema kwamba kwa kuwa hakupokea dola 6,280 kamili kufikia tarehe 10, punguzo limefutika. Kimasharti ana hoja. Mtumie uthibitisho wa SWIFT, lipa dola 25, na umwombe arudishe zile 120. Malipo yanayofuata yenye punguzo yaandike `OUR`. Gharama inayozidi ni ndogo kuliko punguzo, na iingie kwenye gharama za benki, isichanganywe na bei ya bidhaa.

14. Nimepata barua pepe: "akaunti yetu imebadilika, lipeni leo mpate punguzo."

Usilipe. Matapeli wanaoingia kwenye barua pepe za wafanyabiashara wanapenda sana ankara zenye punguzo, kwa sababu tarehe inakaribia na mtunza vitabu ana haraka. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usitumie iliyo kwenye barua hiyo. Bora punguzo likose kuliko fedha zote.

## Vitabuni

15. Niandike vipi kwa shilingi, tangu ankara mpaka malipo?

Twende tarehe kwa tarehe. Tuchukulie bidhaa zimekuwa zako siku ya ankara.

Tarehe 12 Machi, dola moja ni shilingi 2,500. Debiti bidhaa shilingi 16,000,000, krediti muuzaji shilingi 16,000,000. Unaandika ankara kamili, kwa kuwa hujajua kama punguzo utalipata. Ofisi nyingi ndogo hufanya hivyo.

Tarehe 31 Machi unafunga mwezi, dola ni 2,520. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 21 kinataka deni la fedha za kigeni lipimwe upya kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu. Bidhaa zenyewe hazipimwi upya, zinabaki na kiwango cha siku zilipoingia. Deni sasa ni 16,128,000. Debiti hasara ya ubadilishaji 128,000, krediti muuzaji 128,000.

Tarehe 1 Aprili unalipa dola 6,280, dola ikiwa 2,530. Benki inatoa shilingi 15,888,400. Punguzo la dola 120 linashusha gharama ya bidhaa, na kwa kuwa bidhaa ziliingia kwa 2,500, linashushwa kwa 2,500 hiyohiyo: shilingi 300,000. Ingizo la siku hiyo linakuwa hivi: debiti muuzaji 16,128,000, debiti hasara ya ubadilishaji 60,400, krediti benki 15,888,400, krediti bidhaa 300,000. Pande zote mbili ni 16,188,400.

Sasa hakiki. Bidhaa zimebaki na shilingi 15,700,000, ambayo ni dola 6,280 mara 2,500. Hasara yote ya ubadilishaji ni 128,000 na 60,400, jumla 188,400, ambayo ni dola 6,280 mara shilingi 30 za kupanda kwa dola. Hesabu hizi mbili zikikubali, kazi imekwisha. Zikikataa, mara nyingi punguzo limegeuzwa kwa kiwango cha siku ya malipo badala ya kiwango cha siku ya kuingia bidhaa.

16. Kwa nini punguzo nisiliweke kwenye mapato mengine, kama tulivyozoea?

Mazoea hayo ni ya zamani na bado yapo ofisi nyingi. Lakini kwa IAS 2 punguzo unalolipata kwa kununua linapunguza gharama ya bidhaa. Tofauti inaonekana pale mzigo bado uko stoo: ukiliita punguzo mapato, umeonyesha faida kwa maski ambazo hazijauzwa. Kama nusu ya bidhaa imeshauzwa siku ya malipo, nusu ya hizo shilingi 300,000 ipunguze gharama ya mauzo na nusu nyingine ipunguze stoku.

## Kesi zenye utata

17. Mzigo haujafika na tarehe ya punguzo inakaribia. Nilipe?

Masharti hayasubiri meli. Kama ni muuzaji mliyezoeana naye na hati ya usafirishaji unayo mkononi, ukiwa na fedha ni sawa kulipa. Kama ni mgeni kwako, dola 120 si bei ya kujitia hatarini kwa dola 6,280.

Kwa oda zinazofuata omba punguzo lihesabiwe tangu mzigo kupokewa. Kwenye ankara litaandikwa `2/10 ROG`, na hapo siku 10 zinaanza unapopokea mzigo. Kwa mzigo wa baharini unaokuja Zanzibar kwa kubadilisha meli njiani, hilo ni ombi la busara, na muuzaji anayetaka wateja wa mbali anaweza kulikubali. Weka ushahidi wa siku ya kupokea: noti ya makabidhiano yenye saini na tarehe.

18. Nimepokea mapezi ya dola 500 yamepasuka. Punguzo linakwenda vipi?

Dai krediti noti mara moja, pamoja na picha. Ikitoka kabla ya tarehe 10, bidhaa zinakuwa dola 5,500, punguzo ni asilimia 2 ya hizo, yaani dola 110, na unalipa 5,390 pamoja na usafiri 400, jumla 5,790.

Isipotoka kwa wakati, usizuie malipo yote. Lipa sehemu isiyo na ugomvi, hizo dola 5,790, ndani ya tarehe, na andika waziwazi kwamba dola 500 zina mgogoro. Kuzuia malipo yote kwa ajili ya mapezi kunakukosesha punguzo la vitu vizima.

19. Forodha niandike 6,400 au 6,280?

Nyaraka za forodha zinakwenda na ankara kama ilivyotolewa. Kama unalipa kabla ya mzigo kutolewa na unataka punguzo litambuliwe kwenye thamani, mweleze wakala wako wa forodha kabla hajawasilisha tamko kwa TRA, ukiwa na ushahidi wa malipo. Usitengeneze wala usiombe ankara ya pili yenye bei ndogo baada ya tamko kuingia. Stetimenti ya muuzaji na ya benki zitakuumbua.

20. Je, punguzo hili lina shaka ya riba?

Swali hili linakuja sana, na ni la haki. Mafakihi wanalijadili chini ya mlango wa kupunguza deni kwa kuliharakisha. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 cha Jeddah mwaka 1992, iliamua kwamba kupunguza deni la baadaye kwa sababu ya kulipwa mapema kunaruhusiwa, kwa sharti kwamba hakukuafikiwa tangu mwanzo, na kwamba jambo ni kati ya mdai na mdaiwa bila mtu wa tatu kuingia.

Sharti la mwanzo ndilo linalogusa ankara yetu, kwa sababu punguzo limeandikwa humo tangu siku ya kwanza. Duka linalotaka kuondoa shaka huomba bei mbili kwenye proforma, moja ya kulipa kufikia tarehe 10 na moja ya kulipa kufikia tarehe 30, na kuchagua moja kabla ya ankara kutoka. Ankara ikija na bei iliyochaguliwa, hakuna punguzo la kuandika vitabuni, na majibu ya 9 hadi 11 hayakuhusu tena. Hukumu ya duka lenu muulizeni sheikh mnayemwamini, mkiwa na ankara yenyewe mkononi.